Pesa ya Kitambaa Kwanza: Tulivyokubaliana Arbuni na Mteja Tusiyemjua

Sisi ni kina dada watatu wa cherehani kutoka Unyambwa, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, huku bara kwenye mawe makubwa na alizeti. Leo tunataka kuzungumza habari ya pesa, hasa ile pesa inayotangulia kazi. Sisi huku tumezoea kuiita advansi au kianzio. Ninyi visiwani mna neno zuri zaidi, arbuni, na neno hilo ndilo lililotuletea mjadala mrefu na mteja mmoja, kama mtakavyoona.

Mteja wa mtaani hana shida. Anakuja na kitambaa chake kwenye mfuko, tunampima, anaacha elfu tano, akirudi anamalizia. Kitambaa ni chake, kwa hiyo asiporudi tuna gauni lake na hatukupoteza ila siku moja ya kazi. Lakini oda kubwa ya taasisi ni kitu kingine kabisa, kwa sababu hapo kitambaa tunanunua sisi. Mwezi wa Novemba mwaka mmoja tulipata barua pepe kutoka shule moja ya sekondari ya binafsi, ya bweni, iliyoko mkoa huuhuu lakini mbali na sisi. Mkuu wa shule ni mwanamke na tulielekezwa kwake na mzazi. Mhasibu, ambaye ndiye mwenye kutoa pesa, anakaa Dar es Salaam kwenye ofisi ya wenye shule. Hatukuwahi kumwona hata siku moja. Kila kitu kilipita kwenye barua pepe.

Walitaka seti 60 za wasichana. Kila seti ni sketi ndefu moja, blauzi nyeupe mbili za mikono mirefu na mitandio miwili. Sketi ilikuwa ya kitambaa cha drafti, zambarau na kijivu, ambacho hakuna shule nyingine karibu yetu inayokivaa. Liwekeni akilini jambo hilo la rangi. Kitambaa cha buluu iliyokoza tungeweza kukiuza kwa shule nyingine Januari hiyohiyo. Drafti ya zambarau na kijivu, mteja akikimbia, tutashona mapazia ya jikoni.

Hesabu yetu ilikuwa hivi, na tunaiweka wazi kwa sababu bila hesabu hii hakuna mazungumzo ya arbuni. Kitambaa cha sketi, mita 2 kwa shilingi 6,500, ni 13,000. Cha blauzi mbili, mita tatu na nusu kwa 4,000, ni 14,000. Mitandio miwili, 6,000. Zipu, vifungo, uzi na bitana ya kiunoni, tuseme 3,000. Jumla ya vitu vya kununua kwa seti moja ni 36,000. Bei yetu kwa seti ni 62,000. Ile 26,000 inayobaki ndiyo mishahara ya mabinti wawili wanaotusaidia, umeme wa ovaloki, nauli na faida yetu. Zidisha kwa 60: vitu ni 2,160,000 na oda nzima ni 3,720,000.

Sasa tazama. Wengi wetu tumezoea kusema "nipe nusu", kwa mazoea tu, kama tunavyosema "kwa heri". Nusu ya oda hii ni 1,860,000. Haitoshi hata kitambaa, inapungua laki tatu. Hiyo laki tatu ingetoka wapi? Na Novemba huku kwetu ndio mwezi wa kupanda. Pesa za alizeti za katikati ya mwaka zimekwisha, kila nyumba inanunua mbegu, na hata kikundi cha kukopeshana kikivunja sanduku hukuti kitu. Kwa hiyo tuliandika kwenye ankara ya awali kuwa tunaomba asilimia 60 kabla ya kuanza, yaani 2,232,000, na asilimia 40 kabla ya mzigo kutoka.

Majibu ya mhasibu yalikuja baada ya siku mbili, kwa adabu na kwa ufupi:

"Ndugu, husika na ankara yenu. Taratibu zetu kwa mzabuni mpya ni asilimia 30 kuanzia kazi na asilimia 70 ndani ya siku 30 baada ya kupokea mzigo. Aidha, sentensi isemayo malipo ya awali hayatarudishwa hatuwezi kuikubali. Tafadhali rekebisheni."

Tulikaa na barua ile jioni nzima. Mmoja wetu alisema tuikatae. Mwingine akasema tukubali tu, oda ni kubwa na jina la shule litatuletea wengine. Asilimia 30 ni 1,116,000. Kwa masharti yale tungehitaji kutoa 1,044,000 yetu kukamilisha kitambaa, tushone mwezi mzima, tupeleke kila kitu, halafu tusubiri siku 30 nyingine mikono mitupu. Kwa maneno mengine, sisi kina mama wa Unyambwa tungekuwa tunaikopesha shule kwa miezi miwili, bila kujuana, na bila shule kujua kuwa inakopa.

Hapo ndipo tulipoona kwamba asilimia ndiyo inayotugombanisha. Mhasibu akisikia 60 anasikia tamaa. Sisi tukisikia 30 tunasikia dhuluma. Na wote wawili hatusemi kinachotutia hofu hasa. Kwa hiyo kabla ya kujibu tulimwandikia swali moja tu: "Tungependa kuelewa, je, wasiwasi wa ofisi yako ni upi zaidi, ubora wa kazi au fedha kupotea?" Jamani, swali dogo hili lilifungua mlango. Akajibu kwa kirefu. Hesabu za shule hukaguliwa, na mkaguzi akikuta milioni mbili zimelipwa kwa fundi asiyejulikana, na bidhaa hakuna, ataulizwa yeye. Akaongeza kwamba hajawahi kuona hata blauzi yetu moja.

Basi hakuwa mbahili. Alikuwa mwajiriwa anayelinda kibarua chake, kama sisi tunavyolinda mtaji wetu. Kuanzia hapo tuliacha kuandika asilimia, tukaandika vitu. Hii ndiyo barua tuliyomtumia, tumeondoa salamu tu:

"YAH: MAPENDEKEZO MAPYA YA MALIPO, SETI 60 ZA SARE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumeelewa maelezo yako na tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, tushone seti 2 za mfano, ndogo na kubwa. Mtazilipia bei kamili, 124,000, kabla hatujaanza. Mkizikubali zitahesabiwa ndani ya zile 60.

Pili, mkishakubali mfano kwa maandishi, mlipe gharama ya kitambaa na vifaa vya seti 58 zilizobaki, 36,000 kwa seti, jumla 2,088,000. Tutawatumia picha ya risiti ya duka na ya majora siku ileile ya kununua. Kitambaa hicho ni mali ya shule tangu siku hiyo.

Tatu, tutaleta seti 29 za kwanza. Mtakapozikagua mtalipa ujira wake, 754,000, ndani ya siku 3 za kazi.

Nne, seti 29 za mwisho zikiwa tayari tutawatumia picha na orodha, nanyi mtalipa 754,000 kabla hazijatoka Unyambwa.

Siku za kazi zitahesabiwa tangu fedha ya kitambaa itakapoonekana kwenye akaunti yetu: siku 5 za kununua na kusafirisha kitambaa, siku 10 za kundi la kwanza, siku 10 za kundi la pili. Bei hii itadumu siku 14 tangu leo."

Ukijumlisha, 124,000 na 2,088,000 na 754,000 mara mbili, ni 3,720,000 ileile. Hatukupunguza hata shilingi. Tulichobadilisha ni nani anabeba hatari gani, na lini. Shule haitoi pesa nyingi kabla ya kuona mfano, na ikishatoa, pesa hiyo inageuka kitambaa ambacho ni chake. Sisi nasi tunakubali kuacha ujira wa seti 29 uende mbele yetu siku tatu. Hilo ni jasho letu, linauma, lakini si pesa ya kukopa. Kundi la mwisho hatuliachi litoke bila kulipwa, kwa sababu baada ya hapo hatuna kitu cha kushika.

Kuhusu zile siku, kuna jambo la kusema. Shule ilitaka tuandike "mzigo utafika Desemba 28". Tulikataa kwa upole. Ukiandika tarehe ya kalenda peke yake, mteja akichelewesha pesa wiki mbili tarehe yako inabaki palepale, na wewe ndiye utakayeonekana mwongo. Tulikubaliana kuandika vyote viwili: pesa ya kitambaa ikiingia kabla ya Desemba 1, mzigo wa mwisho utakuwa tayari ndani ya siku 25, na kila siku ya kuchelewa kwa malipo inasogeza mbele siku ya kukabidhi. Mkuu wa shule alipoiona sentensi hiyo alimpigia mhasibu mwenyewe, maana yeye ndiye atakayepokea wasichana Januari hawana sare. Kumbe hata sisi hatukuhitaji kumsukuma.

Haya, turudi kwenye ile "hayatarudishwa". Mhasibu aliandika kwamba yeye kama Muislamu anaona kula arbuni ya mtu aliyeghairi si sawa, na wenye shule wana msimamo huohuo. Tulikwenda kumuuliza ustadhi wetu wa msikitini, na alitufungua macho. Kwenye madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani na visiwani, bei ya arbuni, ile ambayo mnunuzi akighairi muuzaji anabaki na pesa bure, haijuzu. Hanbali wameiruhusu. Na Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu liliikubali mwaka 1993 kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekwe wazi. Halafu akatuambia kuwa kazi yetu ya kutengeneza kitu kwa oda ina mlango wake, unaoitwa istisnaa. Mahanafi wameukubali tangu zamani, na baraza hilohilo lililikubali mwaka 1992, likasema bei yaweza kulipwa mara moja au kwa mafungu, maadamu kitu kimeelezwa vizuri na muda umewekwa. Sisi si wanazuoni, mwenye jambo lake amuulize shekhe wake. Lakini kibiashara tulichojifunza ni kwamba hatukuihitaji ile sentensi hata kidogo.

Fikirini. Tulitaka "hayatarudishwa" kwa sababu gani? Si ili tule pesa ya watu. Ni ili tusibaki na majora ya drafti ya zambarau. Basi tukaifuta, tukaandika hivi: shule ikighairi baada ya kitambaa kununuliwa, tutaikabidhi shule kitambaa chote, kilichokatwa na kisichokatwa, na shule italipa ujira wa seti zilizokwisha kushonwa tu, 26,000 kwa seti. Ikighairi kabla ya kununua, pesa yote inarudi, ukiondoa nauli tuliyokwisha kutumia kwa risiti. Na sisi tukishindwa kumaliza, shule itachukua kitambaa chake na hatutadai kitu kwa kisichoshonwa. Mhasibu alijibu kwa neno moja, "Sawa", na kwa mhasibu hilo ni shairi.

Kuandika kwenyewe hakukuwa na ubishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni la muda maalumu, kwa hiyo hakuna haja ya kuona haya kumwambia mtu tuandikiane. Na kwa upande wa serikali, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa njia hizi. Lakini barua pepe kumi na nne zilizotupiana maneno si makubaliano safi. Ukisema kitu kwenye barua ya tatu na mwenzako akakibadilisha kwenye ya saba, siku ya ugomvi kila mtu atafungua ile inayompendeza. Kwa hiyo mwisho wa mazungumzo tulikusanya kila kitu kwenye ukurasa mmoja, tukauambatanisha kama faili la PDF, tukaandika juu yake: "Ukurasa huu ndio makubaliano yetu, yaliyosemwa kwenye barua za nyuma na hayamo humu, hayahesabiki." Tukaomba ajibu "Nimekubali" kwa barua pepe ya ofisi, siyo ya simu yake binafsi, na ampelekee nakala mkuu wa shule. Alifanya hivyo. Kwenye ukurasa huo tuliweka pia orodha ya vipimo na sentensi kuwa kipimo kitakachobadilishwa baada ya kukata kitambaa kitalipiwa upya, maana wasichana wa kidato cha kwanza hukua kati ya Novemba na Januari kama mahindi.

Sasa kuna sehemu ambayo watu huiona ndogo, nayo ndiyo yenye wezi. Ni namba ya akaunti. Wahalifu huingia kwenye barua pepe za watu, wakasoma mazungumzo kimya kimya, na siku ya malipo wakatuma barua inayofanana na yako: "Tumebadilisha akaunti, lipeni huku." Mteja analipa, wewe hupati kitu, na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Sisi tulituma namba ya akaunti mara moja tu, ndani ya ankara, yenye jina lilelile lililo kwenye leseni yetu ya biashara. Chini yake tukaandika kuwa namba hii haitabadilika kwa barua pepe, na mkipata barua ya kuibadilisha msilipe, tupigieni kwanza kwenye namba ya simu mliyopewa na mkuu wa shule. Halafu tukampigia mhasibu na kumsomea namba ile, tarakimu moja moja. Aliona tumezidi. Lakini alituambia baadaye kuwa ameanza kufanya hivyo na wazabuni wengine.

Upande wetu nao tulikuwa na sheria yetu: slipu si pesa. Desemba mosi asubuhi mhasibu alituma picha ya slipu ya benki ya zile 2,088,000, mkuu wa shule akapiga simu akiuliza kama tumeshaondoka kwenda kununua kitambaa. Tulifungua akaunti, hakuna kitu. Benki yao si benki yetu, na uhamisho kutoka benki moja kwenda nyingine unaweza kuchukua siku. Tulimjibu kwa heshima: "Mwalimu, tumeiona slipu na tunashukuru. Tunasubiri fedha ionekane kwenye akaunti, ikionekana tutawaandikia saa ileile." Hakufurahi, tulimsikia kwenye sauti. Kesho yake saa nne pesa ilionekana, tukaandika, na mwenzetu mmoja akapanda basi la Dar es Salaam kwenda Kariakoo. Siku 25 zikaanza kuhesabiwa kutoka hapo, Desemba 2, siyo 1. Vivyo hivyo kwa ujumbe wa simu wa malipo: unaweza kuandikwa na yeyote. Salio lako mwenyewe halidanganyi.

Mtauliza, je, mteja mwenye nia mbaya unamtambuaje mapema? Kwa uzoefu wetu, anayebishana nawe juu ya kila senti na kila sentensi kwa kawaida ana nia ya kulipa, ndiyo maana anajali. Tunaowaogopa zaidi ni wawili. Wa kwanza ni yule anayekubali kila kitu dakika ileile, haulizi kipimo wala rangi, halafu anasema "amelipa zaidi kwa bahati mbaya" na anataka umrudishie kilichozidi haraka. Usirudishe hata shilingi mpaka benki ikuambie kuwa pesa yake imeingia kweli. Wa pili ni yule wa "anzeni tu, malipo yanashughulikiwa". Huyu si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni mtu asiye na mamlaka ya kulipa, anayeogopa kumwambia bosi wake bei. Kwa huyo tunauliza bila kuzunguka: nani anayesaini malipo, na je, ameiona ankara? Kama hajaiona, tunamwandikia barua fupi ambayo anaweza kuisukuma kwa bosi kama ilivyo, kwa sababu bosi hataki kusoma barua pepe kumi na nne.

Yaliyotokea baadaye hayakuwa ya hadithi kubwa. Umeme ulikatika siku mbili na ovaloki ikalala, cherehani za miguu zikaendelea, tukamalizia mipindo usiku. Kundi la kwanza lilisafiri kwa basi. Ujira wake ulilipwa siku ya nne badala ya tatu, na mhasibu aliandika mapema kuomba radhi kwa sababu kulikuwa na sikukuu katikati. Mkuu wa shule alikuta sketi mbili zimepinda drafti kwenye mshono wa ubavuni, mistari haikukutana. Tukazifungua na kuzishona upya pamoja na kundi la pili. Kundi la mwisho tulilipanga kwenye mkeka, tukapiga picha na orodha ya majina, tukatuma. Siku mbili kimya. Siku ya tatu 754,000 ikaonekana, na mzigo ukaondoka jioni ileile.

Mwezi wa Februari mhasibu aliandika tena. Safari hii ni suruali 40 za wavulana, na aliuliza kama wanaweza kuruka hatua ya mfano kwa kuwa sasa wanatufahamu. Tulikubali tuiruke. Akauliza pia kama pesa ya kitambaa inaweza kulipwa nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi. Tulimjibu kuwa inawezekana, na kwamba tutanunua kitambaa cha suruali 20 sasa na cha 20 mwisho wa mwezi, na siku za kazi zitahesabiwa mara mbili. Alilipa yote siku hiyohiyo.